Fahamu: Faida ya asubuhi ilivyoyeyuka alasiri Namanga

Saa tatu asubuhi, mama mmoja muuza vitunguu Namanga amelipwa shilingi 100,000 za Kenya kwa mzigo alioununua Tanzania kwa shilingi 1,950,000 za huko. Wabadilisha fedha wa mpakani wananunua shilingi moja ya Kenya kwa 20 za Tanzania. Angebadilisha zote, angepata faida ya 50,000.

Anabadilisha nusu tu. Nyingine anaifunga kwenye pindo la kanga, akingoja bei ipande.

Alasiri wauzaji wa shilingi za Kenya wamejaa, bei imeshuka hadi 19. Nusu ile inampa 950,000. Jumla ni 1,950,000: mtaji mtupu, na nauli hajalipa.

Ukiuza ng'ambo, badilisha kwanza fedha zinazorudisha mtaji. Kwake zilikuwa 97,500 za Kenya.