Tindikali ya Udongo, Kijiji kwa Kijiji

Afisa ugani wa Lushoto akiulizwa ni vijiji gani vipelekewe chokaa ya kilimo mwanzo, jibu analotakiwa kutoa ni la kijiji, kwa sababu bajeti, mikutano na magari hupangwa kwa vijiji. Udongo haufuati mipaka hiyo. Kwenye milima ya Usambara unaweza kuondoka kwenye shamba la kabichi bondeni, ukapanda kwa mwendo mfupi tu na kufika kwenye udongo mwekundu wenye tindikali kali ukingoni mwa msitu, na bado uko kijiji kile kile. Kazi ya kuuweka udongo wa namna hiyo ndani ya mpaka wa kijiji na kuutolea namba hufanywa siku hizi kwa kompyuta, kwa programu za bure kama QGIS na R. Namba inayotoka haraka kuliko zote, yaani wastani, ndiyo inayopotosha zaidi.

Vitu viwili vinahitajika. Cha kwanza ni ramani ya mipaka ya vijiji, na kwa Tanzania Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa mipaka iliyotumika kwenye sensa. Cha pili ni ramani ya udongo ya vipande, ambayo wataalamu huita rasta: eneo lote limegawanywa katika miraba midogo, pikseli, na kila mmoja umebeba thamani yake. Ramani ya iSDAsoil, iliyotolewa mwaka 2021, imefunika sehemu kubwa ya Afrika kwa pikseli za mita 30, na ina tabaka la sentimita 0 hadi 20, ambalo jembe hulifikia, na jingine la sentimita 20 hadi 50. Ramani ya dunia nzima ya SoilGrids ina pikseli za mita 250, yaani hekta 6.25 kila moja. Kijiji cha hekta 1,200 kikipimwa kwa SoilGrids kitapata pikseli zisizofika 200. Kwa iSDAsoil kitapata zaidi ya 13,000. Kwa milimani, ambako mteremko hubadilika ghafla, mimi huchagua ya pili.

Ndani ya QGIS kifaa kinachotumika kinaitwa Zonal statistics. Unakionyesha tabaka la vijiji na rasta ya pH, unachagua hesabu unazotaka, nacho kinatoa tabaka jipya la vijiji lenye safu mpya kwenye jedwali lake. Kinachofanyika ndani ni rahisi: kila pikseli ambayo kitovu chake kimo ndani ya mpaka huhesabiwa kuwa ya kijiji hicho. Usishtuke kuona wastani wa 54. Ili mafaili yasiwe makubwa, pH imehifadhiwa ikiwa imezidishwa kwa 10, kwa hiyo 54 ni pH 5.4. Omba pia thamani ya chini kabisa, hata kama huna shida nayo. Ukikuta sifuri, ujue bwawa au sehemu isiyo na data imehesabiwa kama udongo na kuushusha wastani, maana hakuna udongo wenye pH sifuri.

Sasa tuchukue kijiji cha mfano kinachopakana na msitu kama ule wa Magamba, kwa namba nilizozikadiria ili hesabu ifuatike. Kina hekta 1,200: 500 ni msitu wenye wastani wa pH 4.9, na 700 ni mashamba yenye wastani wa 5.8. Kifaa kitachanganya vyote na kutoa 5.4. Chini ya 5.5 hivi, aluminiamu iliyomo kwenye udongo huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, na maharage ni miongoni mwa mazao yanayoathirika mapema. Atakayesoma 5.4 atakiweka kijiji kizima kwenye orodha ya chokaa, ilhali sehemu kubwa ya tindikali aliyoiona iko chini ya miti ya hifadhi ambako hakuna anayelima.

Kwa hiyo msitu uondolewe kabla ya kuhesabu. Ramani ya WorldCover ya Shirika la Anga la Ulaya, yenye pikseli za mita 10, huipa ardhi inayolimwa namba 40. Lazima kwanza ilinganishwe na pikseli za ramani ya udongo, na hapa kuna mtego. Kwenye kifaa cha Warp chagua njia ya Nearest Neighbour, inayochukua thamani ya pikseli iliyo karibu. Njia zinazotafuta wastani hazifai, kwa kuwa namba hizi ni majina tu: nyasi ni 30, majengo ni 50, na katikati yake ni 40. Utajikuta umepata mashamba pembezoni mwa kila mtaa.

Kisha badala ya kuuliza pH ya kijiji ni ngapi, uliza ni sehemu gani ya mashamba iko chini ya 5.5. Kwenye Raster Calculator andika:

```
("ph@1" < 55) / ("ardhi@1" = 40)
```

Pikseli ya shamba yenye tindikali itapata 1 na ya shamba lisilo na shida 0. Penye msitu au nyumba hesabu inagawanywa kwa sifuri, hivyo hapabaki thamani yoyote. Wastani wa moja na sifuri ndio sehemu tunayoitafuta. Kijiji chetu kikitoa 0.30, maana yake ni hekta 210 kati ya 700. Kama msitu usingeondolewa, na wote uko chini ya 5.5, jibu lingekuwa 0.59. Ukiifungua rasta yenyewe utaona pia hizo hekta 210 ziko wapi, na huenda zimekusanyika kwenye vitongoji viwili vya juu.

Mwenye vijiji mamia atafurahia R zaidi, kwani amri zile zile zinarudiwa bila kubofya:

```r
library(terra); library(sf); library(exactextractr)
ph <- rast("ph_0_20.tif") / 10
ardhi <- project(rast("worldcover.tif"), ph, method = "near")
ph <- ifel(ardhi == 40, ph, NA)
vijiji <- st_read("vijiji.gpkg")
vijiji$sehemu <- exact_extract((ph < 5.5) * 1, vijiji, "mean")
```

Kifurushi cha exactextractr hakitazami kitovu peke yake. Pikseli iliyokatwa na mpaka huhesabiwa kwa kiasi kilichomo ndani. Kwa pikseli za mita 30 majibu hayatapishana sana na ya QGIS. Kwa zile za mita 250 katika kijiji kidogo yanaweza kupishana.

Utakapounganisha majibu na majedwali mengine, tumia namba ya utambulisho ya kijiji, usitumie jina. Vijiji vinavyoitwa Majengo ni vingi, na kompyuta itavichanganya bila kukuonya.

Udhaifu mwingine hauonekani kwenye jedwali. Usambara kahawa na migomba hulimwa chini ya miti, na setilaiti huweza kuyaona mashamba hayo kama msitu, yakafutwa kwenye hesabu. Iweke ramani ya ardhi juu ya picha ya anga na upitie vijiji vichache kwa macho kabla ya kuiamini. Pia pH yenyewe ni makadirio: kompyuta imejifunza kutokana na sampuli zilizochukuliwa kwingi barani, ikakisia mahali ambapo hakuna aliyechimba. iSDAsoil ina tabaka linaloonyesha ukubwa wa shaka hiyo. Wingi wa pikseli hauiondoi, kwa sababu pikseli jirani hukosea pamoja na kwa upande ule ule. 13,000 zenye kosa moja si vipimo 13,000.

Ndiyo maana orodha hii inafaa kupanga mahali pa kupima, na haitoshi kuamua kiasi cha chokaa. Kwenye kijiji cha mfano ningechukua sampuli za mchanganyiko za sentimita 0 hadi 20 kutoka vitongoji vile vya juu, na nyingine chache bondeni, nikazipeleka maabara kama ile ya TARI Mlingano, Muheza. Bondeni nisingeparuka hata kama ramani inasema ni pazuri: maabara ikitoa 5.2 mahali ramani ilipotoa 5.8, na ikarudia hivyo kwenye sampuli kadhaa, basi mstari wa 5.5 umechorwa pasipo pake katika kijiji hicho, na vijiji jirani vyenye mteremko na udongo wa aina hiyo vinapaswa kupimwa kabla ya lori la chokaa kupangiwa safari.