Kiuno cha mama katika picha ya ndoa

Picha ilipigwa Bukavu, Jumamosi, kwenye ukuta wa matofali wa kanisa. Watu tisa walisimama kwa mstari mmoja, na mama wa bibi arusi alikuwa wa mwisho upande wa kuume. Baada ya wiki mbili fundi wa picha alituma kazi yake kwa simu. Mama alionekana na kiuno chembamba na mikono myembamba, kama msichana. Fundi hakuwa na nia mbaya, alidhani anampa zawadi. Lakini picha ilifika Uvira na Kalemie, na jioni ile ile dada yake mkubwa akapiga simu akilia: “Mdogo wangu, unaumwa nini? Mbona mmetuficha?” Kwetu mtu akikonda ghafla, watu hawasemi amependeza. Wanaanza kuulizana.

Fundi alifanya nini hasa? Katika Photoshop ya Kifaransa kuna kifaa kinachoitwa Fluidité. Unaweka duara pembeni ya mwili, unasukuma kwa ndani, na mwili unafuata kama udongo wa mfinyanzi. Shida ni kwamba kompyuta haijui mwili unaishia wapi. Inasukuma kila kitu kilicho ndani ya duara. Ndiyo sababu nilipoikuza picha ile niliona mstari wa matofali, ambao ulipaswa kunyooka, umepinda kuelekea kiuno cha mama. Maua ya kitenge chake yalikuwa mapana kifuani, na yalipofika kiunoni yakabanwa. Mkoba uliokuwa kwenye kiwiko ulikuwa umekonda pamoja naye.

Ukitaka kuchunguza picha, usianze na mtu. Angalia kwanza vitu vilivyonyooka nyuma yake: mlango, ubao, matofali. Hata hivyo fundi hodari anaweza kuzuia sehemu za nyuma zisisogee, na hapo hutaona alama yoyote. Kwa hiyo picha isiyo na alama haithibitishi kwamba haikuguswa. Kinachobaki ni neno la fundi mwenyewe.

Nilipomuuliza, fundi alijitetea kwa jambo lenye ukweli. Alisema: “Kamera ilimnenepesha, mimi nilimrudisha.” Alikuwa amepiga kwa lenzi pana, karibu sana na watu, ili wote tisa waenee. Lenzi ya namna hiyo huwavuta walio pembeni kwenda nje, na mtu wa mwisho anapanuka kuliko alivyo. Kusahihisha hilo si uongo, ni kurudisha ukweli. Ila yeye alipita kipimo, akaendelea mpaka macho yake yalipofurahi. Dawa ilikuwa rahisi zaidi: kurudi nyuma hatua tatu au nne, kukaza lenzi, na kuacha nafasi tupu kila upande wa kundi.

Halafu kuna swali la ruhusa. Bwana arusi ndiye aliyelipa, naye alimwambia fundi, “Tengeneza vizuri.” Je, hiyo ni ruhusa? Kwangu hapana. Anayelipa amenunua kazi, hajanunua mwili wa mama mkwe wake. Hata watu maarufu yamewapata. Mwaka 2003 mwigizaji Mwingereza Kate Winslet alitokea kwenye jalada la gazeti la GQ akiwa amekondeshwa, naye akasema hadharani kwamba hayuko hivyo wala hatamani kuwa hivyo.

Ufaransa ilichukua hatua ya sheria. Tangu tarehe 1 Oktoba 2017, picha ya biashara ambamo mwili wa mwanamitindo umekondeshwa au kunenepeshwa inapaswa kuandikwa “Photographie retouchée”, na anayevunja sheria anaweza kutozwa faini ya euro 37.500. Chunusi na rangi ya nywele hazihesabiwi. Sheria hiyo inamlinda anayetazama, asidanganywe. Lakini maandishi yale hayaonyeshi kama mwenye mwili aliulizwa. Hayo ni madeni mawili, na kulipa moja hakufuti lingine. Mama yule angeandikiwa maneno hayo chini ya picha, bado angekuwa amekondeshwa bila kuulizwa.

(Na sisi tunaotuma picha za miradi kwa wafadhili tusijione wasafi. Kumkondesha mtoto ili mfuko ufunguke ni kifaa kile kile.)

Mimi sasa huuliza kabla ya kupiga, na ninamuuliza kila mtu peke yake, si mbele ya kundi, maana mbele ya kundi mtu hukubali kwa aibu. Kovu pia naliuliza, kwa kuwa wengine wanalipenda kama ushuhuda wao. Na picha ya kwanza, isiyoguswa, siifuti.

Yule fundi naye, kwa bahati, hakuwa ameifuta. Alimpelekea mama zote mbili nyumbani. Mama alichagua ile ya kwanza, na akaomba aondolewe jasho tu kwenye paji la uso.