Seli Inayokataa Anwani Iliyokosewa

Katibu wa kikundi cha akiba anakusanya anwani za barua pepe za wanachama na kuziingiza kwenye Excel. Siku ya kutuma taarifa ya mkutano, moja inagoma kwenda: juma.ali@examplecom. Nukta ya mwisho ilisahaulika. Kosa hilo seli yenyewe ingelikataa siku lilipoandikwa.

Tuseme anwani ziko kwenye safu ya B, kuanzia B2. Chagua B2 hadi B200 ukianzia juu, fungua Data, kisha Data Validation, na penye Allow uchague Custom. Kwenye kisanduku cha Formula andika:

```
=AND(LEN(B2)-LEN(SUBSTITUTE(B2,"@",""))=1,ISNUMBER(FIND(".",B2,FIND("@",B2)+2)))
```

Nusu ya kwanza inahesabu alama za @ kwa njia ya kuzunguka. LEN hutoa idadi ya herufi, na SUBSTITUTE huziondoa @ zote. Anwani juma@example.com ina herufi 16. Ukiondoa @ zinabaki 15. Tofauti ni 1, basi imepita. Aliyeandika @ mbili anapata 2, na aliyeisahau anapata 0, wote wanakataliwa.

Nusu ya pili ndiyo inayowapiga chenga wengi. Wao hutafuta nukta popote pale, na juma.ali@examplecom inapita kwa sababu ina nukta, ila iko kabla ya @. Fomula yetu huanza kwa kuitafuta @, inayoonekana mahali pa 9, kisha huongeza 2 na kutafuta nukta kuanzia herufi ya 11. Haipo. FIND inatoa kosa, ISNUMBER inaligeuza kuwa FALSE, na seli inakataa. Kuongeza 2 badala ya 1 kunalazimisha walau herufi moja ikae kati ya @ na nukta, hivyo juma@.com nayo haipiti.

Angalia B2 isiwe $B$2. Ukiweka alama hizo za dola, seli zote 199 zitakuwa zinaikagua B2 peke yake, na ubatili wa nyingine hautaonekana.

Fomula hii hukagua umbo tu. Anwani @example.com, isiyo na jina mbele, inapita. Yenye nafasi katikati pia. Hatari kubwa zaidi ni kunakili na kubandika: Excel haikagui kilichobandikwa, na seli iliyobandikwa kutoka kwingine ndani ya Excel huweza kuifuta kanuni yenyewe. Zilizoingia kabla ya kanuni kuwekwa nazo hubaki kimya mpaka ubonyeze Circle Invalid Data, ambayo huzizungushia duara jekundu.

Na kama Juma amekosea herufi moja ya jina lake, fomula haitajua. Mtumie barua ya majaribio kabla ya siku ya mkutano.