Seva Inayojisasisha Saa Tatu Asubuhi

Ukikodi seva ya Ubuntu leo, kuna kazi inayofanyika humo kila siku bila wewe kuiagiza. Programu iitwayo `unattended-upgrades` huamka, hutazama ghala la Ubuntu kuona kama kuna kifurushi kilichotolewa marekebisho ya usalama, hukipakua na kukisakinisha. Muda wake wa kawaida ni 06:00, pamoja na ucheleweshaji wa kubahatisha usiozidi dakika sitini. Saa inayofuatwa ni ya seva yenyewe, na seva nyingi za kukodi huja zikiwa zimewekwa UTC. Kwa mtu aliye Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, hiyo ni kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, muda ambao wateja ndio kwanza wamefungua simu zao kuagiza.

Jambo hilo peke yake halitoshi kumfanya mtu azime masasisho. Mimi nawashauri wote wenye seva ndogo wayaache yamewashwa, kwa sababu kasoro ya usalama ikishatangazwa hadharani, watu wabaya huanza kuitafuta kwenye mtandao mzima kwa programu zinazobisha hodi mlango kwa mlango. Hawachagui seva ya benki na kuiacha ya duka. Msimamizi anayesubiri Jumamosi apate nafasi huwa amechelewa. Lakini anayeyawasha anapaswa kujua kinachotendeka, ili asubuhi moja mambo yakiharibika asianze kulaumu mtandao.

Kwenye Debian, na kwenye Ubuntu ambayo mtu amewahi kuyazima, amri ni mbili tu:

```
sudo apt install unattended-upgrades
sudo dpkg-reconfigure -plow unattended-upgrades
```

Ya pili huuliza swali moja, nawe unajibu ndiyo. Mipangilio yenyewe imo katika faili `/etc/apt/apt.conf.d/50unattended-upgrades`. Sehemu ya juu ya faili hilo inataja ghala zinazoruhusiwa, na kwenye Ubuntu lililo muhimu ni lile linaloishia na `-security`. Liachwe jinsi lilivyo. Ghala hilo kwa kawaida halileti toleo jipya la programu. Wahandisi wa Ubuntu na Debian huchukua kiraka kinachoziba kasoro na kukishonea kwenye toleo lile lile ulilonalo, ili tabia ya programu isibadilike. Ndiyo maana masasisho ya aina hii huvunja vitu mara chache sana kuliko yale ya kawaida. Mwenye kuongeza ghala la `-updates` kwenye orodha hiyo anajiongezea mabadiliko mengi yasiyohusu usalama, na sioni faida yake kwa seva inayohudumia watu.

Hata hivyo, kiraka kidogo nacho hudai huduma izimwe na kuwashwa. Chukua seva ya duka la jumla yenye Ubuntu 22.04, hifadhidata ya PostgreSQL, na programu ya mauzo inayotumiwa na matawi mawili. PostgreSQL inapotolewa kiraka, kifurushi chake husimamisha hifadhidata kwa sekunde chache na kuiwasha tena. Hifadhidata inarudi salama. Tatizo liko kwa programu ya mauzo: ilifungua mawasiliano na hifadhidata siku ilipowashwa, mawasiliano hayo yamekatika, na aliyeiandika hakuiwekea uwezo wa kuunganisha upya. Keshia anaona ukurasa wa kosa. Anampigia fundi, fundi anaingia kwenye seva na kukuta hifadhidata inafanya kazi vizuri kabisa, diski ina nafasi, mtandao upo. Anaiwasha programu upya, mambo yanakaa sawa, na hakuna anayejua kilichotokea. Baada ya miezi kadhaa kiraka kingine cha PostgreSQL kinatoka na tatizo linajirudia.

Jibu lilikuwa kwenye faili `/var/log/apt/history.log`, ambalo huandika kila kifurushi kilichoguswa na saa yake. Huko mtu angekuta maneno ya namna hii:

```
Commandline: /usr/bin/unattended-upgrade
Upgrade: postgresql-14:amd64 (14.17-0ubuntu0.22.04.1, 14.18-0ubuntu0.22.04.1)
```

Mstari wa kwanza unasema nani alifanya kazi, wa pili unaonyesha toleo lililotoka na lililoingia. Ukilinganisha saa iliyo juu ya mistari hiyo na saa ya kosa la kwanza kwenye rekodi za programu yako, na ukikumbuka kuongeza saa tatu kama seva inatumia UTC, utajua kama masasisho ndiyo chanzo au la. Nalifungua faili hili kabla ya kitu kingine chochote seva iliyokuwa nzima jana inapolalamika asubuhi.

Tiba ya duka hilo ina pande mbili. Programu ya mauzo irekebishwe ijue kuunganisha upya, na muda wa masasisho uhamishwe. Amri ya `sudo systemctl edit apt-daily-upgrade.timer` hufungua faili tupu la mabadiliko, nawe unaandika:

```
[Timer]
OnCalendar=
OnCalendar=*-*-* 05:00 Africa/Nairobi
RandomizedDelaySec=30m
```

Mstari mtupu wa `OnCalendar=` una kazi yake: unafuta muda wa zamani. Ukiusahau, seva itafanya kazi nyakati zote mbili. Kisha `systemctl list-timers` itakuonyesha saa ya zamu inayofuata. Wengi huchagua saa nane au saa tisa usiku. Mimi napendelea saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu kikiharibika kitu, fundi anakaribia kuamka na duka bado halijafunguliwa, kuliko seva kukaa imeanguka usiku kucha. Tahadhari moja: seva ikiwa imezimwa saa hiyo ikifika, zamu haipotei. Itatimizwa mara seva itakapowashwa, hata kama ni adhuhuri.

Mwenye seva zaidi ya moja ana hatari ya aina nyingine, na hapo kisa cha kampuni ya Datadog ya Marekani kinafaa kujulikana. Tarehe 7 Machi 2023, Ubuntu ilitoa kiraka cha usalama cha `systemd`, ile programu inayosimamia huduma zote za mashine. Kesho yake, kuanzia saa 06:00 UTC, seva za Datadog zenye Ubuntu 22.04 zilianza kujisasisha zenyewe kupitia utaratibu huu huu. Kiraka chenyewe hakikuwa na kosa. Ila kukisakinisha kuliifanya sehemu ya `systemd` inayoshughulikia mtandao ijizime na kujiwasha, na ilipoamka ilikuta njia za mtandao ambazo haikuziweka yenyewe, zilizokuwa zimewekwa na programu ya Cilium kwa ajili ya kontena. Ikazifuta. Mashine zikapotea mtandaoni.

Kampuni hiyo ilikuwa imejipanga dhidi ya majanga: seva zake zilikuwa katika maeneo yasiyounganishwa, kwa watoa huduma watatu tofauti. Lakini zote zilifuata ratiba moja, hivyo zikaanguka ndani ya saa moja. Kurudisha huduma kulichukua zaidi ya siku nzima. Wala jaribio la kawaida lisingeugundua udhaifu huo, kwa kuwa mashine mpya inapowashwa, mtandao huamka kwanza na Cilium huweka njia zake baadaye, bila mtu wa kuzifuta. Kosa lilihitaji mashine iliyokwisha kufanya kazi, kisha mtandao wake uwashwe upya.

Kwa hiyo mwenye seva mbili zinazosaidiana asiziache zijisasishe siku moja. Moja apewe Jumatatu na Alhamisi, nyingine Jumanne na Ijumaa. `OnCalendar=` inakubali majina ya siku kama `Mon,Thu`. Kiraka kitachelewa siku chache kwenye mojawapo, na hiyo ni bei ndogo.

Upande wa pili wa hatari hauna kelele, nao unanitia wasiwasi zaidi: kiraka kimesakinishwa, lakini hakifanyi kazi. Programu ikishawashwa, husoma maktaba zake na kuzihifadhi kwenye memori. Aprili 2014 ilipotangazwa kasoro ya Heartbleed katika maktaba ya OpenSSL, kusasisha faili kwenye diski hakukutosha. Huduma ya wavuti iliyokuwa imewashwa wiki iliyopita iliendelea kutumia maktaba mbovu iliyokuwa nayo memorini mpaka ilipowashwa upya. Ukiuliza mashine, inakujibu kwamba una toleo lililorekebishwa, na ni kweli, lakini mlango bado uko wazi. Amri ya `sudo needrestart -r l` huorodhesha huduma zilizobaki na maktaba za zamani bila kuzigusa.

Kerneli ni vivyo hivyo, ila yenyewe hutaka seva nzima iwashwe upya. Ikiwa kuna faili liitwalo `/var/run/reboot-required`, seva inakusubiri. Katika faili la mipangilio kuna `Automatic-Reboot`, ambayo kwa kawaida imezimwa, na `Automatic-Reboot-Time` ya kuchagua saa. Usiiwashe kabla hujaiwasha seva upya kwa mkono wako mwenyewe, mchana, ukiwa umekaa mbele yake, ukathibitisha kwamba kila huduma inarudi bila kusaidiwa. Huduma ambayo mtu aliianzisha kwa kuandika amri na kuondoka, bila kuisajili kwenye `systemd`, haitarudi.

Kuna pia vitu ambavyo utaratibu huu hauvigusi kabisa: vilivyomo ndani ya kontena, programu-jalizi za WordPress, na vifurushi vya ghala za nje ulizoziongeza mwenyewe. Hivyo vinahitaji mtu. Vilevile kifurushi ambacho faili lake la mipangilio ulilihariri kinaweza kurukwa, kwa kuwa mashine haiwezi kuamua ibaki na maandishi yako au ichukue mapya. Katika `/var/log/unattended-upgrades/unattended-upgrades.log` utaona maneno `has conffile prompt and needs to be upgraded manually`, na hapo kasoro haijazibwa mpaka uisakinishe wewe.

Kiraka kikikuharibia kazi kweli, unaweza kurudisha toleo la awali kwa `apt install` ukitaja jina na namba ya toleo, mradi bado linapatikana, kisha ukizuie kifurushi kwa `sudo apt-mark hold`. Utaratibu wa masasisho utakiheshimu kizuizi hicho na kukiruka kifurushi kila siku, hata kikitolewa viraka vingine kumi. Andika tarehe ya kukiondoa palepale unapokiweka. Amri ya `apt-mark showhold` hutoa orodha ya vifurushi vilivyozuiwa, na kwenye seva iliyorithiwa kutoka kwa fundi mwingine inafaa kuandikwa mapema kabisa, kabla hata ya kuuliza kama masasisho yamewashwa.