Chenji ya Shilingi Nne

Hadi Februari 15, 1971, Waingereza walikuwa na fedha za kuumiza kichwa. Peni 12 zilifanya shilingi moja, na shilingi 20 zilifanya pauni. Ndani ya droo ya duka ungekuta sarafu ya peni 1, ya peni 3, ya peni 6, shilingi yenyewe, florini ya peni 24, na nusu krauni ya peni 30. Hiyo nusu krauni iliondolewa mapema kidogo, mwishoni mwa 1969, lakini kwa miaka mingi ilikaa droo moja na florini, na ujirani huo ndio uliozaa kasoro yetu.

Mteja anadai chenji ya shilingi 4, yaani peni 48. Muuzaji hataki kumaliza sarafu zake, kwa hiyo anatafuta njia ya kutoa chache iwezekanavyo. Atafanya tunavyofanya sote: achukue sarafu kubwa kuliko zote inayoingia kwenye deni, kisha arudie kwa kinachobaki. Tuiite njia ya pupa. Anatoa nusu krauni, zinabaki peni 18. Anatoa shilingi, zinabaki 6. Anatoa ya peni 6, deni limekwisha. Sarafu tatu.

Florini mbili zingetosha.

Pupa inateleza kwa sababu inapima sarafu moja moja na haigeuki nyuma. Peni 30 zinapunguza deni kuliko 24, ndiyo, ila zinaacha 18, kiasi kisicho na sarafu yake. Kuanza na florini kunaonekana kunyonge, kumbe kunaacha 24 kamili.

Dawa yake ni njia ambayo mwanahisabati Mmarekani Richard Bellman aliijengea nadharia katika miaka ya 1950, na ambayo wataalamu wa kompyuta huiita programu dinamiki. Badala ya kulivamia deni kubwa, unaanza na madeni madogo, unaandika jibu la kila moja, halafu deni linalofuata unalijibu kwa kutazama ulichokwisha kuandika. Turahisishe kwa kuhesabu kwa mafungu ya peni 6: sarafu zetu zinakuwa 1, 2, 4 na 5, na deni linakuwa 8. (Za peni 1 na 3 tuziache, kwa deni linalogawanyika kwa 6 haziwezi kupunguza idadi.)

Deni la 0 halihitaji sarafu. La 1, la 2, la 4 na la 5 yanalipwa kwa sarafu moja kila moja. La 3 linataka mbili, la 6 mbili, la 7 mbili. Sasa tumefika 8, na swali ni moja tu: sarafu ya mwisho kutolewa ni ipi? Ikiwa ni 5, kabla yake kulikuwa na deni la 3, lenye sarafu mbili, jumla tatu. Ikiwa ni 2, nyuma yake kuna 6, jumla tatu. Ikiwa ni 1, nyuma yake kuna 7, tatu tena. Ikiwa ni 4, nyuma yake kuna 4 nyingine, yenye sarafu moja, jumla mbili. Tunaandika 2, na pembeni tunaandika kwamba sarafu iliyoshinda ni 4, ili tujue za kutoa na siyo idadi yake tu.

Je, utajuaje kama sarafu za nchi fulani zina mtego huu? Mwaka 1994 Dexter Kozen na Shmuel Zaks walithibitisha kwamba, ikiwa ipo sarafu ya 1, kosa la kwanza la pupa, kama lipo, hutokea chini ya jumla ya sarafu mbili kubwa. Kwa Waingereza ni chini ya 54, na kweli 48 ndiyo ya kwanza. Kwa sarafu za Tanzania za 50, 100, 200 na 500, ukihesabu kwa mafungu ya 50, unakagua madeni ya chini ya 700 tu. Hukuti kosa.

Lakini ukaguzi huo unadhani droo imejaa. Zikiisha za 50 na 100, chenji ya 600 inamkwamisha mwenye pupa: ametoa 500, imebaki 100, anakupa pipi. Jedwali lingemwambia kwamba 100 hailipiki, ila 400 inalipika kwa sarafu mbili, hivyo 600 ni mia mbili tatu.

Hata hivyo jedwali letu nalo linadhani kila sarafu ipo bila kikomo. Kama mia mbili zimebaki mbili tu, ni lazima lijazwe upya kwa kuingiza sarafu moja moja ya droo, kila mara ukianzia deni kubwa kushuka dogo, ili sarafu ile ile isihesabiwe mara mbili. Ukiwa na mia tano moja na mia mbili mbili, unaweza kulipa 200, 400, 500, 700 na 900. Ile 600 haimo.