Rantre imefika: soma tangazo mbele ya kutoa pesa

Kila mwisho wa Agosti, Butembo na Beni hujaa matangazo. Yamebandikwa kwenye milango ya magazini, na kijana mwenye megafoni anapita akilia: « Rantre! Rantre! Beka leo, kesho itaisha! » Wewe unaye mume kule kwenye machimbo upande wa Manguredjipa, na dhahabu haijatoka. Mkononi una pesa kidogo na watoto watatu. Ndiyo sababu tunaomba tusome tangazo pamoja, neno kwa neno.

Tuanze na neno « bure ». Tangu Septemba 2019, shule za msingi za serikali hazilipishi masomo. Lakini shati jeupe, sketi ao suruali ya bluu, kaye na biki vimebaki juu ya mzazi. Wauzaji wanajua hilo, na wanajua pia kwamba una wasiwasi.

Sasa tazama tangazo kama hili: « INIFOMU KUANZIA DOLA 5! KAYE 10 BURE! USIMWAIBISHE MTOTO WAKO MBELE YA WENZAKE! »

Neno la kwanza la kuangalia ni « kuanzia ». Dola 5 ni bei ya saizi ndogo kabisa, ya mtoto wa miaka sita. Mama mwenye watoto watatu anahesabu tano mara tatu, anaona 15. Akifika ndani anakuta wa miaka tisa ni dola 7, na wa miaka kumi na mbili ni dola 10. Jumla ni 22. Zile dola 7 zilizozidi zilikuwa za kaye. Basi uliza pale mlangoni: « Papa, saizi ya huyu mtoto ni ngapi? »

Neno la pili ni « kaye 10 ». Za kurasa ngapi? Kama mwalimu ameandika kaye 8 za kurasa 100, mtoto anahitaji kurasa 800. Kaye 10 za kurasa 48 ni kurasa 480 tu. Utarudi kununua katikati ya mwaka, bila promosio. Tena, kaye « za bure » mara nyingi zimekwisha kulipwa ndani ya bei ya inifomu. Uliza inifomu peke yake, bila kaye, ni bei gani. Kama bei inashuka, kaye hazikuwa za bure.

Jambo la tatu halikuandikwa: ni bei ya dola. Bei imewekwa kwa dola, wewe unalipa faranga. Magazini ikihesabu kila dola faranga 100 zaidi ya wabadilishaji wa pesa, kwa dola 22 unapoteza faranga 2.200. Uliza kwanza njiani, kisha uliza ndani.

Na lile neno la aibu? Halisemi kitu juu ya kitambaa. Linagusa moyo wako ili usiguse nguo. Wewe gusa nguo. Geuza sketi, tazama upindo wa chini: ukiwa wa sentimita tano, mwaka ujao utaufungua na mtoto ataivaa tena. Lowesha kidogo ncha ya ndani, sugua na kitambaa cheupe. Rangi ikitoka, itaharibu mashati meupe siku ya kufua. Vuta mshono, ukiona mwanya wa mwanga, hautafika Noeli.

Nanyi wenye magazini, wengi wenu ni wakristu wenzetu. Mzazi mwenye hofu hahitaji kuogopeshwa. Andikeni hivi:

« Sketi ya bluu, upindo sm 5: miaka 6, dola 5, miaka 9, dola 7, miaka 12, dola 10. Kaye ya kurasa 100 inauzwa peke yake. Dola ya leo: faranga ... Unaweza kuacha nusu, tunakuwekea mpaka tarehe 30 Septemba. Ukishindwa, pesa yako inarudi. Haitoshi? Rudisha ndani ya siku 7, haijafuliwa, pamoja na karatasi ya malipo. »

Ile sentensi ya kuacha nusu ndiyo inamfaa mke wa mchimbaji, kwa kuwa pesa yake haifuati kalenda ya shule. Lakini mama, ukiacha nusu, dai karatasi yenye tarehe, saizi, pesa uliyotoa na iliyobaki. Ahadi ya mdomo inasahaulika siku watu wanapojaa.

Kama pesa haitoshi yote, nunua kwanza kaye na biki, kisha shati. Sketi ya dada mkubwa, ukiipunguza kiunoni, bado ni ya bluu.