Mtumishi Mpya Apewe Kazi Anayoweza Kuimaliza

Muuguzi aliyeajiriwa karibuni, akitokea Tanga au Mwanza, anashuka Ilula kwenye barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya akiwa na begi na barua ya ajira. Kesho yake anaripoti kwenye zahanati ya kijiji cha jirani. Katika vituo vingi, siku ya kwanza huishia kwa kutambulishwa kila chumba, kupewa mafaili ya miongozo na kuambiwa akae aangalie wenzake. Hoja yangu ni kwamba mapokezi ya namna hiyo, hata yakiwa ya ukarimu, hayamfanyi mtu ajione anaweza kazi. Kinachomjenga ni kukabidhiwa tangu mapema kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho, mbele ya mwenzake anayewajibika kumsahihisha.

Hoja hii ina ushahidi. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hutokana hasa na kufanya jambo mwenyewe na kufanikiwa. Kuwaona wengine wakifanya na kutiwa moyo kwa maneno husaidia pia, lakini kwa nguvu ndogo zaidi. Mwaka 2007 Talya Bauer na wenzake walikusanya tafiti nyingi kuhusu waajiriwa wapya, wakaona mambo matatu yakienda pamoja na utendaji mzuri na nia ya kubaki kazini: kuelewa majukumu, kujiamini kwamba unayaweza, na kukubalika kwa wenzako. Kazi ndogo iliyochaguliwa vizuri hugusa yote matatu kwa mpigo.

Tuchukue kliniki ya wajawazito. Hatua zake ni nyingi: kupokea kadi, kupima uzito na shinikizo la damu, kupima wingi wa damu, malaria, VVU na kaswende, kutoa chanjo ya pepopunda, vidonge vya kuongeza damu na dawa ya SP, kisha kujaza kitabu cha MTUHA namba 6. Kumwachia mgeni mlolongo wote Jumatatu ni kumtupa majini, na kumweka benchi wiki nzima ni kumdharau. Jumatatu na aonyeshwe stoo, choo, ratiba ya zamu na mtu mmoja wa kumuuliza, atakayekuwa mwenyeji wake. Jumanne ashike mwenyewe kituo cha uzito na shinikizo la damu, mwenyeji akiwa karibu kumsahihisha. Jumatano aongezewe SP: ahakikishe mimba imefikia umri unaoruhusiwa, ampe mama vidonge vitatu avimeze mbele yake, kisha aandike dozi hiyo kwenye kadi na kitabuni. Alhamisi amhudumie mama mmoja mwanzo hadi mwisho, na Ijumaa wakae na mwenyeji wake dakika 20 wakilinganisha kadi na kitabu.

Ulinganisho huo ndio unaoonyesha kama mapokezi yamefaulu. Dozi ikiwa kwenye kadi lakini haimo kitabuni, mgeni ameelewa huduma ila hajaelewa kumbukumbu. Kosa hilo ni dogo likirekebishwa wiki ya kwanza, zito likigunduliwa wakati wa ripoti ya mwezi. Dalili nyingine ni maswali. Mgeni asiyeuliza lolote kufikia Alhamisi huenda anaogopa kuonekana hajui.

Wapo watakaosema zahanati yenye watumishi wawili haina muda wa kulea mtu. Lakini mpango huu hauhitaji semina: mgeni anabeba sehemu ya foleni tangu Jumanne, na mwenyeji anatumia muda ambao baadaye angeutumia kurekebisha vitabu. Wengine watasema ana leseni, ya nini kufundishwa? Leseni inathibitisha kwamba anajua uuguzi. Haimwambii funguo za stoo hukaa kwa nani, wala wapi pa kumpata wa kumtafsiria bibi anayejieleza kwa Kihehe pekee.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mgeni asiye na chumba wala fedha za kujikimu hatajisikia amekaribishwa hata akabidhiwe kazi gani. Hilo ni kweli, na hakuna ratiba ya kliniki itakayolitatua. Ndiyo maana nyumba na posho vishughulikiwe kabla hajaripoti. Vilevile, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya kazi yake, kituo, saa na malipo anapoanza kazi, na amfafanulie asiyeyaelewa. Mganga mfawidhi hawezi kuongeza mshahara wala kuharakisha posho. Lakini kuamua nani atashika kituo cha uzito Jumanne ni mamlaka yake mwenyewe, na hahitaji kibali cha halmashauri kuyatumia.